Hofu ya kujuta na mkwamo wa uamuzi mkubwa

Ukimsikiliza kwa makini mtu aliyekwama kwenye uamuzi mkubwa, utasikia kwamba hasara peke yake haimsumbui sana. Hasara angeivumilia, kama wengi tunavyovumilia mambo yanayotukuta bila kuyaita. Kinachomtisha ni hasara yenye sahihi yake chini, siku atakayokaa na kusema, "Hili nililitaka mwenyewe." Ukipoteza kazi kwa sababu mwajiri amefunga, inauma. Ukipoteza kazi mpya uliyoifuata baada ya kuacha nyingine iliyokuwa salama, inauma mara mbili, na uchungu wa pili ndio majuto.

Uchungu huo una tabia ya kuja kabla ya wakati wake. Mtu huanza kujutia uamuzi ambao hajaufanya, leo upande huu, kesho upande ule, mpaka anashindwa kunyanyua mguu. Wanasaikolojia na wachumi wameuchunguza mkwamo huu kwa zaidi ya miaka 40, na katika yote waliyoyagundua kuna jambo moja linaloeleza sehemu kubwa ya tatizo: hatutajua kamwe njia tuliyoiacha ingetufikisha wapi. Kutojua huko humkinga mtu mwanzoni, kisha humgeuka.

Tuchukue mfano. Mwuguzi wa miaka 34 amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili nje ya nchi kwa miaka miwili. Ana kazi ya kudumu anayoiweza. Mama yake ana shinikizo la damu, na yeye ndiye anayemfuatilia dawa na kumpeleka kliniki. Chuo kimempa wiki sita ajibu. Wiki ya tano imefika, na amefanya kila kitu isipokuwa kujibu: amesoma tovuti ya chuo mpaka amekariri majina ya wahadhiri, ameuliza waliomtangulia, amepanga hoja za kwenda na za kubaki kwenye daftari akazifuta akazipanga upya. Akielekea kwenda, anamwona mama amelazwa naye yuko mbali. Akielekea kubaki, anajiona na miaka 50 akisaini daftari lilelile la zamu.

Angalia anavyopima. Akifikiria kwenda, anachukua safari iliyoharibika na kuilinganisha na kubaki kulikonyooka. Akifikiria kubaki, anachukua kubaki kulikododa na kukulinganisha na safari iliyofana. Kila njia inaingia ulingoni ikiwa mgonjwa, ikipambanishwa na mwenzake aliye mzima. Kwa upimaji wa namna hiyo njia zote mbili lazima zishindwe, na mtu hubaki katikati akidhani amefikiri sana.

Mwaka 1951 mtaalamu wa takwimu Leonard Savage aliandika kuhusu namna ya kupima majuto kwa nidhamu zaidi. Unaorodhesha kwenye jedwali hali ambazo dunia inaweza kuwa nazo, kisha ndani ya kila hali unauliza, kila chaguo lingekuacha nyuma ya chaguo bora kwa kiasi gani? Neno la kushikilia hapo ni "ndani ya kila hali". Mama akiugua, anaugua binti akiwa nje ya nchi na anaugua binti akiwa nyumbani. Shinikizo la damu halisomi barua za udahili. Kwa hiyo majuto ya kwenda hayawezi kubebeshwa ugonjwa mzima. Yanabeba tofauti tu, yaani nani atakuwepo saa zile za kwanza na nani atafuatilia dawa kila mwezi. Kubaki nako ni vivyo hivyo. Akiwa na miaka 50 na amechoka na zamu, sehemu ya uchovu huo ingempata hata akiwa na shahada ya uzamili, maana waliosoma nao huchoka. Mwuguzi wetu amekuwa akichanganya hali: anachukua ugonjwa kutoka dunia moja na furaha kutoka dunia nyingine, halafu anaita tofauti yake majuto. Ukimwona mtu anarudia hoja zilezile kwa wiki kadhaa bila kusogea, mara nyingi kosa liko kwenye upimaji huu wala si kwenye upungufu wa taarifa.

Lakini kama njia zote mbili zinatisha, kwa nini asirushe tu sarafu? Kwa sababu kuna njia ya tatu inayoonekana haina lawama, nayo ni kuacha siku zipite. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliuonyesha mvuto wake mwaka 1982 kwa kisa cha watu wawili wa kubuni, Paul na George. Paul ana hisa za kampuni moja, anafikiria kuzihamishia kampuni nyingine, anaacha. Baadaye anagundua kwamba angehamisha angepata dola 1,200 zaidi. George alikuwa na hisa za hiyo kampuni ya pili, akazihamisha, naye akagundua kwamba asingehamisha angepata dola 1,200 zaidi. Hesabu ya mwisho ni ileile. Walipoulizwa nani anajuta zaidi, asilimia 92 ya waliojibu walisema George, kwa sababu yeye alitenda. Tendo linaonekana, na ni rahisi kulifuta kichwani: "Laiti nisingefanya." Kutotenda hakuachi alama, kwa hiyo hakumpi mtu wa kumlaumu.

Hapa ndipo kutojua kunapoingia kama kinga. Uholanzi kuna bahati nasibu ya msimbo wa posta, ambayo tiketi yake ni anwani ya nyumba yako. Msimbo wa mtaa wenu ukitoka, majirani wote walionunua tiketi wanashinda, na wewe ambaye hukununua unajua papo hapo kwamba ungeshinda. Huwezi kukwepa kuujua msimbo wako. Watafiti Marcel Zeelenberg na Rik Pieters waliichunguza bahati nasibu hiyo, wakaeleza mwaka 2004 kwamba majuto yanayotarajiwa yalikuwa sehemu ya kinachowasukuma watu kununua, jambo ambalo halikuonekana hivyo kwenye bahati nasibu ya kawaida ya taifa. Kwenye hiyo ya kawaida, asiyenunua hana namba, na asiye na namba hawezi kujua alikosa nini.

Maamuzi mengi ya maisha ni kama bahati nasibu ya kawaida kwa anayebaki. Mwuguzi akikataa nafasi, hakuna atakayemletea taarifa ya maisha aliyoyaacha. Akienda, kinyume chake, matokeo yataonekana kila siku, na alichokiacha pia ataendelea kukiona: simu za mama, nafasi yake ya kazi aliyopewa mwingine. Upande mmoja una kioo na mwingine hauna. Bila kujua, anavutwa upande usio na kioo, kisha anaita mvuto huo busara. (Siku hizi kinga hii inavuja, lazima tukubali. Mwenzake aliyepata nafasi kama hiyo atarusha picha mtandaoni, na ghafla msimbo wa posta umetoka.)

Basi mbona watu wazima wanapohesabu maisha yao hawaanzi na hisa za George? Wanasaikolojia Thomas Gilovich na Victoria Medvec walilifuatilia swali hilo katika miaka ya 1990. Walikuta kwamba kwa muda mfupi watu huumizwa zaidi na walichofanya, kama Kahneman na Tversky walivyosema. Walipoulizwa kuhusu maisha yao yote, majibu yaligeuka, na yaliyotajwa zaidi yakawa ambayo hawakuyafanya: shule waliyoiacha, mtu ambaye hawakumwambia neno, kazi ambayo hawakuijaribu.

Sababu walizotoa zinafaa kutazamwa polepole. Jambo ulilofanya likaharibika linakupa kazi: unaomba radhi, unahama, unarudi shule nyingine, na usiporekebisha chochote bado unaweza kusema "angalau nilijifunza." Jambo ambalo hukulifanya halina cha kurekebishwa. Pili, hofu iliyokuzuia hunyauka. Leo mwuguzi anaiona hatari ya safari ikiwa na uzito wake wote. Baada ya miaka 15 atakumbuka kwamba alikuwa kijana, alikuwa na nafasi mkononi, na hataelewa vizuri alikuwa anaogopa nini. Hofu imeondoka, kilichobaki ni kukosa. Tatu, ndiyo nzito kuliko zote, jambo lililofanyika lina mwisho. Ndoa iliyovunjika ilivunjika kwa namna hii na si nyingine, unaweza kuzihesabu hasara zake. Maisha ambayo hukuyaishi hayana mwisho, na kila mwaka fikra huyaongezea chumba. Kutojua kulekule kulikomkinga mtu asijue alikosa nini ndiko baadaye kunakompa uhuru wa kuamini kwamba alikosa kila kitu.

Utafiti huo umeuzwa vibaya. Utausikia umefupishwa kuwa "fanya, utajutia usichofanya," na watu wakaacha kazi kwa ushauri huo. Gilovich na Medvec waliwauliza watu wanachojutia, na swali hilo lina upofu wake, maana hakuna anayekumbuka ndoa mbaya ambayo hakuifunga. Kutotenda kulikokuwa sahihi hakuingii kwenye orodha ya mtu yeyote, kunayeyuka. Kwa hiyo tunajua kwamba majuto ya kutotenda hudumu yakitokea. Hatujaambiwa kwamba kutotenda mara nyingi ni kosa.

Ushahidi ulio karibu zaidi na swali hilo ulitoka kwa mchumi Steven Levitt. Aliwaalika kwenye tovuti watu waliokuwa wameshindwa kuamua, wakubali kurushiwa sarafu. Upande mmoja ulisema badilisha, mwingine baki. Sarafu zaidi ya 20,000 zilirushwa, kuhusu mambo kama kuacha kazi na kuvunja uhusiano. Sarafu haikumlazimisha mtu, ila walioambiwa wabadilishe walibadilisha zaidi kuliko walioambiwa wabaki. Baada ya miezi sita, kwenye maamuzi makubwa, waliosukumwa na sarafu kubadilisha walisema wana furaha zaidi. Hilo linaonyesha kwamba mtu anapofikia kiwango cha kweli cha nusu kwa nusu, huenda tayari amekwisha kuipa hali ya sasa uzito kupita kiasi. Ila wazingatie walioingia kwenye tovuti hiyo. Mtu anayeikubali sarafu impangie ndoa ana mguu mmoja nje tayari, na furaha iliyopimwa ni ile aliyoisema mwenyewe. Matokeo hayo hayamhusu mtu mwenye sababu nzito upande mmoja.

Kuna kosa jingine kwenye hesabu ya mwuguzi, nalo ni ukubwa wa majuto yenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, mwanasaikolojia Daniel Gilbert na wenzake walikwenda kwenye kituo cha treni wakawauliza waliokosa treni. Baadhi walikuwa wameikosa kwa kitambo kidogo sana, wengine kwa dakika kadhaa. Watu waliotakiwa kukisia walidhani kwamba kukosa kwa ukaribu kungeuma zaidi, kwa sababu mtu angejilaumu: laiti ningetembea haraka kidogo. Waliokosa kwa kweli hawakujilaumu hivyo. Walikuwa na wengine wa kulaumu na maelezo tele. Mtu anayekisia majuto husahau kwamba siku ikifika naye atakuwa na maelezo. Anajipiga picha akiwa uchi mbele ya kosa lake, bila utetezi wowote.

Ila utetezi huo una sharti. Gilbert na Jane Ebert waliliona mwaka 2002 kwa wanafunzi wa upigaji picha. Kila mmoja alisafisha picha zake mbili bora, akaambiwa achague moja ya kubaki nayo. Kundi moja liliambiwa uamuzi ni wa mwisho. Lingine liliambiwa linaweza kubadilisha picha siku kadhaa baadaye. Baada ya muda, walioweza kubadilisha waliipenda picha yao kidogo kuliko waliofungiwa mlango. Hawakuwa wametarajia hivyo, na wengi wakipewa hiari huchagua mlango ubaki wazi. Moyo huanza kazi ya kuridhika pale tu panapokuwa hapana pa kurudi. Wakati bado kuna pa kurudi, unaendelea kupima.

Kwa aliyekwama, hii ina maana mbaya. Wiki tano za mwuguzi ni wiki tano za mlango wazi. Anateseka na maumivu ya kuchagua bila nafuu inayofuata baada ya kuchagua, halafu anayachukua maumivu hayo kama ushahidi kwamba uamuzi wowote utamuumiza hivyo kwa miaka. Simaanishi kwamba njia ya kurudi haina thamani. Likizo bila malipo inayomruhusu kurudi kazini ni kinga halisi dhidi ya hasara. Inapunguza hasara, kisha inaongeza upimaji. Anayeichukua ajue analipia nini.

Swali lililobaki ni sehemu gani ya majuto inaweza kushughulikiwa leo. Terry Connolly na Zeelenberg walitoa jibu mwaka 2002 kwa kuyagawa majuto mawili: uchungu wa matokeo kuwa mabaya kuliko yale ambayo yangekuwa, na lawama ya kuona kwamba uliamua ovyo. Ya kwanza iko mikononi mwa dunia. Ya pili inategemea kama uamuzi ulikuwa na sababu inayotosha wakati ule. Utafiti wa Zeelenberg kuhusu makocha wa mpira unaionyesha vizuri. Watu walipewa kisa cha makocha wawili ambao timu zao zilifungwa. Mmoja akabadilisha wachezaji kwa mechi iliyofuata, mwingine akaacha kikosi kilekile, na wote wakafungwa tena. Safari hii wengi walisema aliyeacha kikosi kilekile ndiye atakayejuta. George wa hisa alilaumiwa kwa kutenda, kocha akalaumiwa kwa kutotenda, kwa sababu baada ya kufungwa mara ya kwanza kubadilisha ndiko kulikokuwa na sababu. Kwa hiyo lawama inafuata upande usio na sababu, uwe umetenda au umekaa.

Hapo unatokea mtego. Sababu za leo hazitakumbukwa kama zilivyo. Baruch Fischhoff na Ruth Beyth, kwenye utafiti waliouchapisha mwaka 1975, waliwaomba watu wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara za Rais Nixon huko Beijing na Moscow mwaka 1972. Baada ya ziara, watu wakaombwa wakumbuke walikadiria nini. Yaliyotokea, walielekea kukumbuka kwamba waliyapa uwezekano mkubwa kuliko waliouandika kweli. Mwuguzi akienda na mambo yakaharibika, kumbukumbu yake itamshuhudia uongo: "Nilijua." Dawa ya hilo ni karatasi iliyoandikwa kabla, yenye tarehe.

Basi aandike. Kwanza yale asiyoyajua, akiyagawa kwa swali moja: je, jibu linaweza kupatikana kabla ya siku ya mwisho, na je, likipatikana litabadilisha uamuzi? Swali hili linatenganisha kusubiri na kuganda. Tversky na Eldar Shafir waliwapa wanafunzi kisa cha safari ya mapumziko ya bei nafuu baada ya mtihani mgumu. Waliojua wamefaulu, zaidi ya nusu wangeinunua. Waliojua wamefeli, vilevile zaidi ya nusu. Ambao hawakuwa wamejua matokeo, theluthi moja hivi tu ndio wangeinunua. Wengi walikuwa radhi kulipa ada ili wasubiri matokeo kwanza, matokeo ambayo kwa wengi yasingebadilisha chochote.

Kwa mwuguzi, mambo matatu yanabaki kwenye orodha. Hali ya mama: daktari anamwona wiki hii, jibu litapatikana na ni zito. Likizo bila malipo: ofisi ya utumishi inaweza kujibu ndani ya siku chache, nalo ni zito. Kama atayapenda masomo: hilo halijulikani na mtu yeyote kabla ya muhula wa kwanza, kwa hiyo tovuti ya chuo aifunge. Anaongeza la nne ambalo alikuwa analikwepa, kumuuliza kaka yake uso kwa uso kama atabeba kliniki na dawa, si "tutaona," bali nani atampeleka mama kila mwezi.

Tuseme majibu yamekuja. Daktari anasema shinikizo limetulia, mradi dawa zisikatike. Likizo imekataliwa, akienda, anajiuzulu. Kaka amesema ukweli: anasafiri kikazi nusu ya mwezi na hawezi kuahidi. Sasa jedwali la Savage lina kitu cha kufanyia kazi. Katika hali ambayo mama anabaki salama, kwenda kunampa shahada na kumnyima kazi ya kudumu. Katika hali ambayo dawa zinakatika, tofauti kati ya kwenda na kubaki ni kubwa, maana yeye ndiye mfuatiliaji pekee. Wiki tano zilizopita hali hiyo ilikuwa picha ya kutisha tu. Sasa ina sababu inayotajika, nayo ni kwamba hakuna wa kumrithi kazi hiyo.

Anaamua kubaki. Naona ni uamuzi mzuri, ingawa mwenye kaka wa aina nyingine angeamua tofauti na angekuwa sahihi pia. Anachofanya baada ya hapo kina uzito sawa na uamuzi wenyewe. Hasubiri siku ya mwisho ipite. Anakiandikia chuo kukataa, siku mbili kabla, ili mlango ufungwe kwa mkono wake na moyo uanze kazi yake. Kwenye karatasi anaandika: "Nimebaki kwa sababu dawa za mama zinanitegemea na kaka hana nafasi mwaka huu. Nadhani kuna uwezekano wa saba kwa kumi kwamba ningeyapenda masomo. Picha za waliokwenda zitaniuma, hasa mwezi ule wa kuanza muhula. Daktari aliniambia hivi, ofisi ilijibu hivi." Ile saba kwa kumi ina kazi yake maalumu: baada ya miaka 15, fikra zitakapoanza kuyaongezea vyumba maisha hayo mengine, karatasi itamkumbusha kwamba hata siku ile yalikuwa na tatu kwa kumi za kuharibika.

Karatasi kama hiyo hushindwa kwa namna mbili zinazotambulika. Ya kwanza ni kuandika sababu baada ya kuamua ili kujisafisha. Utaijua kwa kuwa upande wa pili hauna hoja hata moja nzuri. Ya pili ni mtu asiyeweza kuamua hata mambo madogo, anayelala vibaya na ambaye vitu alivyovipenda havimvutii tena kwa wiki kadhaa. Kushindwa kuamua ni miongoni mwa dalili zinazotambulika za sonona, na kwa mtu huyo majedwali ni mzigo wa ziada. Anahitaji mtaalamu wa afya ya akili kwanza, uamuzi mkubwa ukiweza kusogezwa usogezwe.

Kuna pia maamuzi ambayo hesabu hii haiyafikii kwa asili yake. Mwanafalsafa L. A. Paul alieleza mwaka 2014 kwamba baadhi ya mambo humbadilisha anayeyachagua, na kupata mtoto ndio mfano wake mkuu. Asiye na mtoto hawezi kupima majuto ya kuwa naye, kwa sababu atakayejuta au kufurahi atakuwa na mapenzi na vipaumbele ambavyo huyu wa leo hana. Wala ushuhuda wa wazazi haumalizi shida: nao wanasema wakiwa tayari wamebadilika. Paul anapendekeza kwamba hapo swali la "nitajuta?" liwekwe kando, na mtu ajiulize kama anataka kugundua atakuwa nani, kwa raha na kwa tabu zitakazokuja nalo. Karatasi bado inaweza kuandikwa, ila safu ya makadirio ibaki tupu, na iandikwe wazi kwamba iliachwa tupu kwa makusudi.